Mawe ya Kijito: Mchezo Mfupi wa Kuigiza kwa Wanafunzi Kuhusu Mto Uliochafuliwa

Mto Morogoro huanzia katika miteremko ya Milima ya Uluguru, ndani ya msitu wa hifadhi. Hushuka kwa kasi juu ya miamba, kisha hupita katikati ya mji na kuungana na Mto Ngerengere. Ngerengere nao huingia Mto Ruvu, ambao maji yake huchotwa na kusafishwa kwa ajili ya wakazi wa Pwani na Dar es Salaam, kabla ya mto huo kumwaga baharini karibu na Bagamoyo. Bwawa la Mindu liko juu zaidi ya maungano hayo. Kwa hiyo uchafu unaotupwa katika Mto Morogoro hauishii Mindu, bali husafiri kuelekea Ruvu.

Kati ya msitu na mji, vijito vingi hujiunga na mto huo. Pale nyumba zinapoanza ndipo uchafu huanza pia. Uchafu wa aina fulani huonekana kwa macho: mifuko ya plastiki, povu la sabuni, matope ya mashamba yaliyolimwa kwenye mteremko bila matuta. Uchafu wa aina nyingine hauonekani. Wakati wa masika baadhi ya kaya hutapisha vyoo, na nyingine huweka bomba la kupunguza shimo na kulielekeza kijitoni, zikitumaini kwamba maji yatabeba kila kitu. Baada ya mvua kupita maji huwa meupe tena, na kila mmoja huamini kwamba kijito kimepona.

Mchezo unaofuata unahusu uchafu huo usioonekana. Watu, shule na kijito vilivyomo ni vya kubuni, lakini njia ambayo wanafunzi wanaitumia kuutafuta ni ya kweli, na darasa la tano na kuendelea linaweza kuifuata. Kuuigiza huchukua takriban dakika 20. Vifaa vinavyohitajika ni chupa tatu zinazopenya nuru, karatasi nyeupe, kalamu nyeusi, sahani nyeupe na mawe machache.

WAHUSIKA

MWANAHAWA, mwanafunzi wa darasa la sita
KOBELO, mwanafunzi mwenzake, anayeishi chini ya daraja
MWALIMU, mwanamke, mwalimu wa sayansi
BABA, baba yake Mwanahawa, mwenye nyumba ya wapangaji
BIBI, mama yake Baba
MWENYEKITI, mwenyekiti wa mtaa

ONYESHO LA KWANZA

(Darasani, mwezi wa Juni, mvua za masika zimekwisha. Mezani kuna chupa tatu za maji. Chini ya kila chupa kuna karatasi nyeupe yenye alama ya msalaba mweusi.)

MWALIMU: Chupa ya kwanza imejazwa juu kabisa, kabla ya nyumba ya mwanzo. Ya pili darajani. Ya tatu chini ya bustani za mchicha. Kobelo, tazama kwa juu, kupitia mdomo wa chupa. Unaona nini?

KOBELO: Naona msalaba, Mwalimu. Katika chupa zote tatu. Ile ya bustanini tu ndiyo ina ukungu kidogo.

MWALIMU: Mngefanya hivi mwezi wa Aprili, msalaba usingeonekana hata katika chupa ya juu. Matope yangeuficha. Sasa, maji ya darajani ni safi au si safi?

MWANAHAWA: Ni safi, Mwalimu. Ni meupe kama ya juu.

KOBELO: (Kwa sauti ya chini.) Nyumbani tunayachota hayo hayo bomba linapokauka. Mdogo wangu ameharisha mara mbili mwezi huu.

(Kimya.)

MWALIMU: Pole, Kobelo. Hatuwezi kusema kwamba ni maji yaliyomwumiza. Hilo ni la mganga na la maabara. Lakini tunaweza kumwuliza shahidi mwingine. Chupa inaeleza maji ya dakika ile tu uliyoyachota. Kuna viumbe wanaokaa humo usiku na mchana, kwa wiki nyingi. Kesho tutawauliza wao.

ONYESHO LA PILI

(Kijitoni, mahali pa juu. Sauti ya maji. Mwalimu amevaa glavu na buti. Wanafunzi wamesimama ukingoni.)

MWALIMU: Nani anakumbuka masharti?

MWANAHAWA: Hakuna kuingia majini bila buti. Mwenye kidonda hagusi maji. Mvua ikinyesha mlimani tunaondoka hata kama hapa kuna jua. Tukimaliza tunanawa kwa sabuni.

MWALIMU: Vizuri. Nitageuza mawe kumi, moja baada ya jingine, na kila jiwe nitalirudisha lilivyokuwa. (Anainua jiwe, analiweka juu ya sahani.) Njooni mtazame upande wa chini.

KOBELO: Lo! Kinatembea! Ni bapa, kina mikia mitatu.

MWALIMU: Na pembeni mwa tumbo?

MWANAHAWA: Kuna vitu kama vijani vidogo, vinapepea.

MWALIMU: Hivyo ndivyo anavyovutia hewa iliyomo majini. Huyu ni mtoto wa mdudu arukaye. Atakaa chini ya mawe mpaka atakapoota mabawa. Hawezi kuishi mahali ambapo hewa imepungua majini. Uchafu wa choo unapoingia, vijidudu visivyoonekana huula, na vinapoula hutumia hewa ya majini. Maji yanabaki meupe, lakini huyu anakosa pumzi. Andikeni hesabu.

MWANAHAWA: (Akiandika.) Juu, mawe kumi. Mikia mitatu, mawe manane.

(Wanatembea jukwaani kuonyesha safari. Wanafika darajani. Mwalimu anageuza mawe.)

KOBELO: La kumi hili. Hakuna hata mmoja. Kuna funza wembamba wekundu tu.

MWALIMU: Wekundu wao ni wa damu inayoweza kushika hewa hata ikiwa haba. Ndiyo maana wao wamebaki na wengine wameondoka. Haya, kutoka juu mpaka hapa ni hatua ngapi?

KOBELO: Mia nne. Nimezihesabu.

MWALIMU: Je, tugeuze mawe katika kila hatua?

MWANAHAWA: (Akifikiri.) Hapana. Twende katikati, hatua ya 200. Wakiwapo, tatizo liko chini yake. Wasipokuwapo, liko juu yake.

MWALIMU: Tangulia.

(Wanatembea. Wanageuza mawe.)

KOBELO: Hatua ya 200: wapo!

(Wanashuka.)

MWANAHAWA: Hatua ya 300: hawapo.

(Wanapanda kidogo.)

KOBELO: Hatua ya 250: wapo! Basi ni kati ya 250 na 300. Mwalimu, tutembee polepole tutazame kingo zote mbili.

(Wanatembea. Kobelo anasimama ghafla na kunyoosha kidole kwenye vichaka.)

KOBELO: Pale, chini ya migomba. Bomba la plastiki. Linadondoka.

(Mwanahawa anatazama bomba, kisha anainua macho polepole kuelekea juu ya ukingo. Anafunga daftari.)

KOBELO: Mwanahawa, si ndiyo nyumba ya kina...

MWALIMU: Kobelo. (Ananyamaza kidogo.) Leo tumeandika hatua na mawe. Majina ya watu hatujayaandika. Twende tukanawe mikono.

ONYESHO LA TATU

(Usiku, nyumbani kwa Mwanahawa. Bibi anachambua mchele. Baba anaingia.)

MWANAHAWA: Shikamoo, Baba.

BABA: Marahaba. Mbona hujala?

MWANAHAWA: Baba, bomba lililo chini ya migomba linatoka wapi?

BABA: (Anakaa.) Nani kakuuliza?

MWANAHAWA: Hakuna aliyeniuliza. Mimi ndiye niliyehesabu mawe.

BABA: Lile ni la choo. Wapangaji ni vyumba sita. Shimo lipo karibu na kijito, likichimbwa kidogo tu maji ya ardhini yanaingia. Masika lilijaa mpaka juu. Gari la kunyonya haliwezi kupita kwenye kichochoro hiki. Ungefanyaje wewe?

MWANAHAWA: Sijui, Baba.

BABA: Na maji mbona ni meupe? Nimeyatazama leo asubuhi.

MWANAHAWA: Ni meupe, Baba. Tuliyatazama kwa chupa. Lakini juu ya bomba, chini ya mawe kuna wadudu. Chini ya bomba hawapo. Na kina Kobelo wanachota pale darajani. Mdogo wake anaharisha. Mwalimu amesema hatuwezi kusema ni sisi. Lakini mimi sitaweza kumwambia Kobelo kwamba si sisi.

(Kimya kirefu.)

BIBI: Mwanangu, tulipokuwa kule mlimani tulichota kijito hiki hiki. Aliyekaa juu alijua jina la kila mtoto aliyekunywa chini yake. Mji umetusogeza karibu, lakini majina tumeyasahau.

BABA: Mama, majina hayachimbi shimo. Shimo ni fedha.

BIBI: Ni kweli. Basi kesho nenda ukaseme kwamba ni fedha. Usiseme kwamba maji ni meupe.

ONYESHO LA NNE

(Ofisi ya mtaa. Mwenyekiti ameketi. Baba amesimama, kofia mkononi.)

BABA: Mwenyekiti, nimekuja kabla sijaitwa.

MWENYEKITI: Karibu, ndugu. Keti. Una nini?

BABA: Choo changu kinatoa maji kijitoni. Nilitaka kuliziba bomba alfajiri, mke wangu akanizuia.

MWENYEKITI: Amefanya vyema. Ukiliziba na watu wakaendelea kulitumia shimo, litafurika uani, na uchafu utafika kijitoni kwa njia nyingine. Kwanza watu waache kulitumia, ndipo uzibe. Kiwanja chako kina urefu gani kutoka ukingo?

BABA: Hatua 90 hivi, kwenda juu.

MWENYEKITI: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, shughuli zinazoweza kuuharibu. Mita 60 ni kama hatua 80 za mtu mzima. Basi unayo nafasi, ingawa ni ndogo, kule juu kabisa.

BABA: Kule juu ni mawe matupu.

MWENYEKITI: Hata hivyo ni pakavu. Shimo likikutana na maji ukiwa unachimba, simama, hapo si mahali pake. Likikutana na mwamba, shimo litakuwa fupi na utalijengea juu kwa matofali ili lipate kina. La zamani lifukie kwa udongo, angalau nusu mita juu ya uchafu, upande mti pembeni ili watu wapajue, na usilichimbue kabla ya miaka miwili.

BABA: Na fedha?

MWENYEKITI: Wapangaji wako ni vyumba sita. Waite. Wanaotaka kutoa nguvu zao badala ya kodi ya mwezi mmoja, wachimbe. Saruji ununue wewe. Afisa afya wa kata nitamwita mimi, aje kupima mahali kabla jembe halijagusa ardhi. Na kwa wiki hizo wapangaji wako watumie choo cha jirani. Nitazungumza naye.

BABA: Mabomba mengine je? Si langu peke yake.

MWENYEKITI: Najua. Sasa ninaweza kwenda kwa wenye hayo mengine nikiwa na mtu wa kumwonyesha.

ONYESHO LA TANO

(Kijitoni, wiki nne baadaye. Wahusika wote isipokuwa Bibi. Bomba halipo. Mwalimu anageuza mawe chini ya migomba.)

KOBELO: La tano, hakuna. La sita, hakuna.

BABA: Pengine wamekufa wote.

MWALIMU: Waliokuwa hapa ndiyo. Lakini juu wapo, na maji huwabeba usiku na mchana. Kijito hujaa tena kutoka juu, maadamu kule juu kuna msitu na maji safi. (Anageuza jiwe.) Mwanahawa.

MWANAHAWA: (Anainama.) Mmoja! Mikia mitatu!

(Wanaendelea kuhesabu. Baba anapewa sahani, anamtazama mdudu kwa muda mrefu.)

KOBELO: Mawe kumi. Mawili yana wadudu. Juu ni manane.

MWENYEKITI: Basi kazi bado.

BABA: (Analirudisha jiwe majini polepole, upande ule ule lilivyokuwa.) Kobelo, mdogo wako anaitwa nani?

(Mwisho.)

MAELEZO KWA WALIMU NA WAZAZI

Mchezo huu unasimama juu ya tofauti moja ambayo wanafunzi wanapaswa kuielewa kabla ya kuigiza: maji meupe si lazima yawe salama, na maji yenye matope si lazima yawe na uchafu wa choo. Matope mengi ya masika hutoka katika mashamba ya mlimani. Yakiachwa ndani ya chupa bila kuguswa, mchanga hutuama ndani ya dakika chache, ilhali udongo laini huweza kubaki ukielea hadi siku ya pili. Uchafu wa choo hauonekani kwa njia hiyo. Athari yake hutambulika kwa viumbe waliotoweka.

Darasa linalotaka kufanya uchunguzi huo katika kijito cha kata yake lichague sehemu zinazofanana: maji yanayotiririka, kina kisichozidi magoti, na mawe yenye ukubwa wa ngumi au zaidi. Kulinganisha sehemu ya mawe na sehemu ya matope ni kosa, kwa sababu wadudu wa mikia mitatu hawapendi matope hata pale maji yanapokuwa safi. Idadi ya mawe iwe sawa kila mahali. Uchunguzi usifanyike ndani ya wiki mbili baada ya mafuriko, kwani maji makali huwasomba wadudu wote, wa sehemu safi na wa sehemu chafu, na hesabu itapotosha. Sehemu inayoshukiwa kuwa na uchafu wa choo ageuze mawe mtu mzima aliyevaa glavu na buti.

Njia hii ina mipaka. Kuwapo kwa wadudu hao hakumaanishi kwamba maji yanafaa kunywewa. Vimelea vya kuhara huweza kuwamo hata katika maji ambayo wadudu wanaishi, na hutambuliwa kwa kipimo cha maabara. Maji ya kijito yachemshwe mpaka yatokote, kisha yahifadhiwe katika chombo chenye mfuniko. Kuchemsha huua vimelea, lakini hakuondoi dawa za mashambani. Kwa hiyo mahali ambapo wadudu wametoweka chini ya bustani inayonyunyiziwa dawa, bila bomba wala choo karibu, maji yasichotwe kwa kunywa hata yakichemshwa, na taarifa ipelekwe ofisi ya mtendaji wa kata au Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu iliyopo Morogoro.

MASWALI YA MJADALA

1. Kwa nini chupa za onyesho la kwanza hazikuonyesha tatizo la darajani?

2. Mwanahawa alipata mahali pa bomba kwa kupima sehemu tatu tu kati ya juu na darajani. Kama njia ingekuwa na hatua 800, angehitaji kuongeza vipimo vingapi ili abaki na kipande kile kile cha hatua 50?

3. Mwalimu alimzuia Kobelo kutaja jina la mwenye nyumba. Je, alifanya sawa? Toa sababu za pande zote mbili.

4. Kama msitu wa juu ungefyekwa na kijito kikajaa matope tangu mwanzo wake, onyesho la tano lingekwishaje?